Kashata ikishaliwa hairudi: mti wa uwezekano, tawi kwa tawi

Swali lenyewe, linavyowafikia wanafunzi wa Kidato cha Tatu, huwa na sura hii:

Sahani ina kashata 10 za ukubwa mmoja, 6 nyeupe na 4 nyekundu. Mtoto anachukua moja bila kutazama, anaila, kisha anachukua ya pili, pia bila kutazama. Chora mti wa uwezekano. Halafu tafuta uwezekano kwamba (a) zote mbili ni nyeupe, (b) ni za rangi tofauti, (c) angalau moja ni nyekundu, (d) ya pili ni nyekundu.

Vitabuni utakuta mipira ndani ya mfuko. Mimi ninapofundisha watoto wa mtaani hapa Mombasa nimeiacha mipira, na sababu ni ya kihesabu tu. Mpira ukishatolewa, mtoto bado anauona pale mezani, na nusu ya akili yake inauhesabu kama umo mfukoni. Kashata ikishapita kooni haina mjadala. Sahani imebaki na 9, na hata mdogo wake wa darasa la tatu atakwambia hivyo.

Hapo ndipo ilipo kazi yote. Mwanafunzi anayekosa swali hili mara nyingi hakosi kuzidisha wala kujumlisha. Anakosa kwa kuandika akisami kabla hajajua sahani imebaki na nini. Kwa hiyo njia nitakayoifuata ina sharti moja: kwenye kila kichipukizi cha mti, andika kwanza sahani ilivyo wakati huo, ndipo uandike akisami.

Soma swali ukitafuta kilichobaki

Kabla ya kushika rula, tafuta neno linalokwambia kama kitu kinarudi au hakirudi. Wakati mwingine swali linasema wazi, "bila kurudisha". Mara nyingi linakuachia utambue mwenyewe: anaila, anaiuza, anampa dada yake, anaiweka kando, wanachaguliwa wanafunzi wawili kuwa viranja. Mwanafunzi mmoja hawezi kuwa viranja wawili, kwa hiyo hapo hakuna kurudisha, japo neno lenyewe halikutajwa.

Kuna maneno mengine yanayowababaisha wengi: "anachukua mbili kwa pamoja". Wanafunzi huniuliza, kama mkono umezoa mbili kwa mpigo, ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi? Jibu ni kwamba unaweza kuzipa zamu mwenyewe. Iliyogusa kidole gumba ndiyo ya kwanza, nyingine ndiyo ya pili. Haiwezekani moja ishikwe mara mbili, kwa hiyo mti ni ule ule wa bila kurudisha, na majibu ya rangi yanatoka sawa.

Sarafu na dadu ni kesi nyingine. Ukirusha sarafu mara mbili, mrusho wa pili haujui lolote kuhusu wa kwanza, na matawi ya pili yanafanana na ya kwanza nukta kwa nukta. Ukiona kwenye mti wako wa kashata matawi ya pili yamefanana na ya kwanza, umechora mti wa sarafu.

Chora mti ukiwa bado mtupu

Lalisha ukurasa ili upana uwe mkubwa kuliko urefu. Weka nukta upande wa kushoto, katikati. Toa matawi mawili yaliyoachana vizuri, kwa sababu kila moja litazaa mengine mawili na hutaki yagongane. Mwisho wa kila tawi andika herufi ya rangi. Hapa pana jambo dogo linaloharibu daftari nyingi: nyeupe na nyekundu zote zinaanza na N. Chagua herufi zisizogongana. Mimi natumia E kwa nyeupe na K kwa nyekundu.

Kutoka E toa matawi mawili, E na K. Kutoka K toa mawili, E na K. Sasa una ncha nne upande wa kulia: EE, EK, KE, KK. Ziandike pale kwenye ncha kabla hujaweka nambari yoyote. Ukihesabu ncha ukapata tatu, ujue umeunganisha EK na KE ukidhani ni kitu kimoja. Ziache mbali mbali. Kula nyeupe kisha nyekundu, na kula nyekundu kisha nyeupe, ni safari mbili tofauti hata kama mwishowe tumboni mna kashata zile zile.

Andika sahani, ndipo uandike akisami

Anza kwenye nukta ya kwanza. Sahani ina 6E na 4K, jumla 10. Andika hivyo kwa herufi ndogo chini ya nukta. Tawi la kwenda E ni 6/10, la kwenda K ni 4/10.

Sogea kwenye E ya kwanza. Nyeupe moja imeliwa. Sahani sasa ina 5E na 4K, jumla 9. Andika. Tawi la juu ni 5/9, la chini ni 4/9.

Rudi chini kwenye K ya kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu macho bado yako kwenye sahani ya tawi la juu. Futa ile kichwani. Kwenye njia hii iliyoliwa ni nyekundu, nyeupe hazijaguswa. Sahani ina 6E na 3K, jumla 9. Tawi la kwenda E ni 6/9, la kwenda K ni 3/9.

Mti ukijaa unakuwa hivi:

```
                       5/9 --- E    EE
        6/10 --- E  <
       /      (5E,4K)  4/9 --- K    EK
(6E,4K)
       \               6/9 --- E    KE
        4/10 --- K  <
              (6E,3K)  3/9 --- K    KK
```

Tazama kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Nambari ya chini imetoka 10 ikawa 9 kwenye matawi yote manne, kwa sababu kashata imepungua moja, rangi iwe ipi. Nambari ya juu imepungua kwa rangi iliyoliwa tu. Kwenye nusu ya juu nyeupe zimekuwa 5 na nyekundu zimebaki 4. Kwenye nusu ya chini nyeupe zimebaki 6 na nyekundu zimekuwa 3.

Mwanafunzi aliyepunguza kila kitu huandika 5/9 na 3/9 kutoka kichipukizi kimoja. Mwambie ajumlishe: 8/9. Tusui moja imekwenda wapi? Matawi yanayotoka sehemu moja lazima yajumlike kuwa 1, kwa kuwa mtoto hana budi kupata rangi moja au nyingine. Hili ni jaribio la sekunde chache, na linafanywa kabla ya kuzidisha chochote. 6/10 na 4/10 zinatimia 1. 5/9 na 4/9 zinatimia 1. 6/9 na 3/9 zinatimia 1. Mti uko sawa, endelea.

Jambo moja nalisisitiza hata kama mwalimu wa shuleni amezoea kukata: usirahisishe akisami zilizo juu ya matawi. Ni kweli 6/9 ni thuluthi mbili, na 3/9 ni thuluthi moja. Lakini ukiandika 2/3 na 1/3 juu ya matawi, 9 imepotea, na pamoja nayo umepoteza njia ya kukagua kwamba kashata zilizobaki ni 9. Tena mbele utahitaji kujumlisha, na akisami zenye nambari moja ya chini hujumlishwa bila jasho. Rahisisha mara moja tu, kwenye jibu la mwisho.

Kuzidisha kufuata njia

Kwenye kila ncha, zidisha akisami za njia iliyokufikisha pale:

```
EE = 6/10 x 5/9 = 30/90
EK = 6/10 x 4/9 = 24/90
KE = 4/10 x 6/9 = 24/90
KK = 4/10 x 3/9 = 12/90
```

Jumlisha nambari za juu: 30, 24, 24 na 12 zinafanya 90. Ncha zote kwa pamoja ni 90/90, yaani 1. Hili ni jaribio la pili, na lina nguvu kuliko la kwanza kwa sababu linakagua kuzidisha kwako pia. Lakini lina mpaka wake: mtu aliyechora mti wa kurudisha kwa makosa atapata 36/100, 24/100, 24/100 na 16/100, na hizo nazo zinatimia 1. Kwa hiyo jumla ya 1 haikuhakikishii kwamba umesoma swali sawasawa. Ukiona 100 chini pale ambapo kashata zimeliwa, rudi kwenye matawi ya pili.

Mbona tunazidisha na si kujumlisha? Nimeona ni bora kuonyesha kuliko kuamrisha. Chukua watoto 90, kila mmoja na sahani yake ya kashata 10 kama ile. Tukienda kwa uwiano wa mti, sita kwa kumi yao wanaanza na nyeupe: watoto 54. Waliobaki 36 wanaanza na nyekundu. Sasa waangalie wale 54 peke yao. Kila mmoja ana sahani yenye 5E na 4K, kwa hiyo tano kwa tisa yao wanapata nyeupe tena: 30. Wengine 24 wanapata nyekundu. Kwa wale 36, sita kwa tisa wanapata nyeupe, yaani 24, na 12 wanapata nyekundu ya pili. Utaona tumechukua sehemu ya sehemu, tano kwa tisa ya sita kwa kumi, na kuchukua sehemu ya sehemu ndiko kuzidisha. Wale 30, 24, 24 na 12 ndio walioketi juu ya 90 kwenye ncha zetu. Katika maisha halisi watoto 90 hawatagawanyika sawasawa hivyo, lakini uwiano unaotarajiwa ndio huo.

Anayejumlisha njiani anapata 6/10 + 5/9, ambayo ni 104/90. Hakuna uwezekano unaozidi 1, kwa hiyo jibu linajifichua lenyewe. Ubaya ni kwamba kosa hili halijifichui kila mara. 4/10 + 3/9 inatoa 66/90, nambari inayoonekana ya heshima kabisa, nayo si jibu. Ishara ya kweli ni hii: uwezekano wa mambo mawili kutokea pamoja hauwezi kuzidi uwezekano wa moja lao peke yake. Nyekundu ya kwanza pekee ni 36/90. Nyekundu mbili haziwezi kuwa 66/90.

Kujibu: zungusha ncha, ndipo ujumlishe

Chukua penseli. Kwa kila kipengele, zungushia ncha zinazokubaliana na maneno ya swali.

(a) Zote nyeupe. Ncha moja tu, EE. Jibu 30/90, yaani thuluthi moja.

(b) Rangi tofauti. Pitia ncha moja moja. EE hapana, EK ndiyo, KE ndiyo, KK hapana. Ncha mbili: 24/90 + 24/90 = 48/90 = 8/15. Anayeandika 24/90 peke yake amesahau kwamba swali halikusema ipi ianze. Kama swali lingesema "ya kwanza nyeupe na ya pili nyekundu", hapo ncha ingekuwa moja na 24/90 ingekuwa sawa. Soma neno kwa neno, kwa sababu tofauti ya maneno machache hapa inafanya jibu liwe maradufu.

(c) Angalau moja nyekundu. Angalau moja maana yake moja au mbili. Ncha ni EK, KE na KK: 24 + 24 + 12 = 60, jibu 60/90, yaani thuluthi mbili. Lakini tazama ncha uliyoiacha: EE peke yake. Njia fupi ni 1 − 30/90 = 60/90. Kwa kashata mbili faida ni ndogo. Zikiwa tatu utaishukuru.

(d) Ya pili nyekundu. Zungushia kila ncha inayoishia na K: EK na KK. 24/90 + 12/90 = 36/90 = 4/10.

Usisahau kwamba karatasi ya KCSE inaagiza uonyeshe hatua zote, na alama hutolewa kwa njia sahihi hata kama jibu limekosewa. Mti wenye akisami zake ni sehemu ya kazi inayohesabiwa. Usiufute ukidhani umechafua ukurasa.

Jibu la (d) linawasumbua wenye akili

Hapa ndipo msichana mmoja wa tuisheni aliponisimamisha. "Mwalimu, si umesema ya pili inategemea ya kwanza? Mbona jibu ni 4/10, sawasawa na ya kwanza?"

Swali zuri, na walio wengi hulipita. Kutegemea kupo. Ukijua ya kwanza ilikuwa nyeupe, uwezekano wa ya pili kuwa nyekundu ni 4/9, kidogo zaidi ya 4/10. Ukijua ya kwanza ilikuwa nyekundu, ni 3/9, chini ya 4/10. Usipojua lolote kuhusu ya kwanza, pande hizo mbili zinavutana na kukurudisha pale pale kwenye 4/10. Fikiri hivi: kabla mtoto hajaanza, kila moja ya kashata 10 ina nafasi sawa ya kuwa ya pili. Nyekundu ni 4. Basi ni 4/10, na ya tatu ni 4/10, na ya mwisho kabisa ni 4/10. Ndiyo sababu wanaopiga kura kwa vijiti hawana haja ya kugombania kuanza, mradi hakuna anayeonyesha kijiti chake kabla wote hawajachukua.

Hili linakupa kipimo cha bure. Swali likiuliza "ya pili ni nyekundu" na ukapata kitu tofauti na 4/10, mti wako una kasoro mahali.

Ila kipimo hiki kinashika pale tu rangi zote zinapotendewa sawa. Tuseme mtoto hapendi nyeupe: akipata nyeupe anairudisha, akipata nyekundu anaila. Andika sahani kama kawaida. Baada ya E sahani haijaguswa, 6E na 4K, kwa hiyo matawi ni 6/10 na 4/10. Baada ya K sahani ni 6E na 3K, matawi ni 6/9 na 3/9. Nambari za chini hazifanani tena kati ya juu na chini, na hiyo ni sawa kabisa. Ya pili kuwa nyekundu ni 6/10 × 4/10 + 4/10 × 3/9, yaani 24/100 + 12/90, ambayo ni 28/75. Si 4/10 tena. Aliyekariri kwamba "nambari ya chini hupungua moja" anaanguka hapa. Aliyeandika sahani anapita bila kujua kwamba palikuwa na mtego.

Kashata tatu

Mtoto sasa anakula tatu. Mti unafikia ncha nane, na kwenye daftari unakuwa msitu. Huna haja ya kuumaliza wote kama swali linahitaji njia chache tu.

Tafuta uwezekano kwamba nyekundu ni moja kamili kati ya tatu. Andika kwanza njia zinazokubalika: KEE, EKE, EEK. Nyekundu inaweza kuja mwanzo, katikati au mwisho. Sasa tembea kila njia ukiwa na sahani yako mkononi:

```
KEE: 4/10 x 6/9 x 5/8 = 120/720
EKE: 6/10 x 4/9 x 5/8 = 120/720
EEK: 6/10 x 5/9 x 4/8 = 120/720
```

Akisami za katikati zinatofautiana, lakini mwisho ni ule ule, 120/720. Tazama nambari za juu: kila safari ina 4, 6 na 5, zimebadilishana viti tu. Chini ni 10, 9 na 8 kila mara. Kwa hiyo ukishahesabu njia moja, unaweza kuzidisha kwa idadi ya njia: 3 × 120/720 = 360/720, nusu kamili. Mimi huwaambia wanafunzi wahesabu angalau njia mbili kabla ya kutumia mkato huu. Zikikataa kufanana, moja ina kosa la sahani. Na kwa yule mtoto anayerudisha nyeupe na kula nyekundu, mkato haufai kabisa.

Angalau nyekundu moja katika tatu: njia zinazofaa ni saba, isiyofaa ni moja, EEE. 6/10 × 5/9 × 4/8 = 120/720, sudusi moja. Jibu ni 1 − 1/6 = 5/6. Hapa ndipo ile njia fupi inapolipa.

Kosa la kuepuka ni kudhani kinyume cha "angalau moja nyekundu" ni "zote nyekundu". Kinyume chake ni kutokuwa na nyekundu hata moja. Ukitatizika, orodhesha idadi ya nyekundu inayowezekana, 0, 1, 2, 3, ukate zile zinazotakiwa. Itakayobaki ndiyo ya kutoa kwenye 1.

Mti unaokatika katikati

Aina nyingine ya swali: mtoto anaendelea kuchukua na kula mpaka apate nyekundu, akishaipata anaacha. Ni upi uwezekano kwamba ataacha kwenye kashata ya tatu?

Mti huu haujai pande zote. Tawi la K halizai kitu, kwa sababu mchezo umekwisha pale. Linaloendelea ni la E tu. Wanafunzi wengi huendelea kuchora matawi kutoka K kwa mazoea, kisha wanabaki na ncha zisizokuwepo. Chora K, weka alama ya mwisho, songa mbele na E. Kuacha kwenye ya tatu ni njia moja, EEK: 6/10 × 5/9 × 4/8 = 120/720 = 1/6. Nyeupe ni 6, kwa hiyo hata akiwa na mkosi wa mwisho ataipata nyekundu kwenye ya saba. Mti una mwisho wake, na ncha zake zote saba zikijumlishwa zinatimia 1.

Swali linalokuja kinyumenyume

Mara nyingine unapewa jibu na kuulizwa idadi. Bakuli lina kashata n, 3 kati yake nyekundu. Mbili zinachukuliwa bila kurudisha, na uwezekano wa zote kuwa nyekundu ni 1/12. Tafuta n.

Njia ni ile ile. Sahani ya kwanza ina 3K katika n, tawi ni 3/n. Sahani ya pili ina 2K katika n − 1, tawi ni 2/(n − 1).

```
3/n x 2/(n-1) = 1/12
n(n-1) = 72
n^2 - n - 72 = 0
(n - 9)(n + 8) = 0
```

n ni 9 au −8. Bakuli halina kashata hasi nane, kwa hiyo n ni 9. Kagua: 3/9 × 2/8 = 6/72 = 1/12. Aliyeandika n tena kwenye tawi la pili badala ya n − 1 anapata n × n = 72, na 72 haina kipeuo cha pili kizima. Nambari ya kashata ikitoka na desimali, kosa liko kwenye sahani ya pili.

Mawili ya kufanya mwenyewe

La kwanza. Muuzaji wa Kongowea ana maembe 8 kwenye kikapu, 5 ngowe na 3 boribo. Mteja anachukua mawili bila kuchagua. Tafuta uwezekano wa yote mawili kuwa ngowe, wa kuwa aina tofauti, na wa la pili kuwa boribo.

La pili. Kikapu ni kile kile, ila mteja anachukua matatu. Tafuta uwezekano wa kupata angalau boribo moja.

Majibu ya la kwanza ni 20/56 au 5/14, kisha 30/56 au 15/28, kisha 21/56 ambayo ni 3/8. Hilo la mwisho unaweza kulijua hata kabla ya kuchora. La pili ni 1 − 60/336, yaani 276/336, au 23/28. Ukipata 387/512 kwa la pili, maembe yako yamekuwa yakirudi kikapuni kila mara.